Simu Ununue Mwezi Gani? Oktoba Kwanza, Agosti Mwisho

Mwishoni mwa Agosti 2024 mdogo wangu alishuka Kariakoo, mtaa wa Aggrey, akanunua iPhone 15 mpya, boksi halijafunguliwa. Muuzaji alimpa na kava bure. Tarehe 9 Septemba Apple wakatangaza iPhone 16, na siku hiyohiyo bei rasmi ya iPhone 15 kule Marekani ikashuka kutoka dola 799 hadi 699. Dola 100 zilimpotea na hata kioo hakijapata mkwaruzo. Tangu hapo kila anayeniomba ushauri wa simu namuuliza kwanza ananunua lini.

Apple huzindua iPhone zake kuu Septemba karibu kila mwaka. 2020 zilichelewa hadi Oktoba. Bei rasmi hukaa palepale mwaka mzima, kisha hukatwa siku toleo jipya linapotangazwa. Samsung hutoa Galaxy S mwanzoni mwa mwaka: S24 ilizinduliwa tarehe 17 Januari 2024, S25 tarehe 22 Januari 2025. Bei ya Samsung haisubiri siku moja. Huteremka kidogo kidogo kwa ofa za miezi yote, kwa hiyo aliyenunua wiki ya kwanza ndiye huumia zaidi.

Nikipanga kuanzia ununuzi bora hadi mbaya kabisa, namba moja ni iPhone ya mwaka jana, katikati ya Oktoba hadi Novemba. Kwa nini isiwe Septemba yenyewe? Kwa sababu duka la hapa bado lina mzigo ulionunuliwa kwa bei ya zamani, na mwenye duka hawezi kuuza kwa hasara kwa sababu tu Marekani wametangaza. Mpe wiki nne hadi sita aumalize. Wakati huohuo Wamarekani na watu wa Ulaya wanarudisha simu zao za zamani ili wapunguziwe bei ya mpya, na simu hizo huingia sokoni kwa wingi, nyingine zikipitia Dubai. Mzigo wa mtumba ukijaa, nafasi yako ya kupatana inakua. Desemba usiisubiri: wanunuzi wa sikukuu wakishaanza kumiminika, muuzaji hana haraka na wewe.

Namba mbili: Galaxy S ya mwaka huohuo, Novemba. Hapo imeshuka kwa miezi kumi na bado ina maisha marefu, maana kuanzia S24 Samsung wameahidi masasisho ya miaka 7. Ukiikosa Novemba, ngoja Machi, mrithi wake akishatoka.

Namba tatu: simu mpya wiki ya uzinduzi. Naikubali kwa mtu atakayekaa nayo miaka mitano. Kwa anayebadilisha kila baada ya miaka miwili, fanya hesabu hii. Tuseme mpya ni 2,600,000 na baada ya miaka miwili unaiuza 1,300,000. Umepoteza 1,300,000, gawa kwa miezi 24, ni kama 54,000 kwa mwezi. Ya mwaka jana tuseme ni 1,800,000, ukaiuza 1,000,000. Hapo umelipa kama 33,000 kwa mwezi. Bei hizi ni za mfano, weka za dukani kwako, lakini tofauti huelekea upande huohuo kwa sababu simu hupoteza thamani kubwa zaidi mwanzoni.

Ya mwisho: iPhone yoyote Julai au Agosti. Simu ikiharibika Julai, tafuta ya bei ndogo ya kukuvusha.

Kuna jambo moja linaloweza kuvuruga kalenda hii, nalo ni dola. Shilingi ikidhoofika kati ya Septemba na Oktoba, punguzo lote linaweza kumezwa kabla halijafika Kariakoo. Ukiona dola inapanda kwa kasi na duka bado lina mzigo wa zamani, usingoje.

Ukichukua ya mtumba, usilipe kabla hujaishika. Piga `*#06#`, linganisha namba ya IMEI na ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090 uone TCRA wanaitambua kama aina gani ya simu. Kwenye iPhone ingia Settings, General, About. Mbele ya Carrier Lock pasomeke No SIM restrictions, yaani simu haijafungwa kwa mtandao mmoja. Angalia pia Maximum Capacity ya betri: ikiwa chini ya 80%, toa gharama ya betri mpya kwenye bei mnayopatana. Na iPhone 14 kwenda juu zilizouzwa Marekani hazina tundu la laini, zinatumia eSIM peke yake, yaani laini isiyo na kadi. Ndiyo maana pengine mbili zinazofanana zimewekwa kabatini kwa bei tofauti, na muuzaji hakuambii mpaka umuulize.