Kiashiria Gani Ununue kwa Titresheni ya Siki: Fenolftalini Kwanza, na Sababu Zake

Mwezi wa Juni, baridi ya Mbeya ikiwa imekolea, nilinunua mjini chupa ya mililita 100 iliyobandikwa karatasi yenye neno moja tu, "kiashiria". Muuzaji alinihakikishia kwamba viashiria vyote hufanya kazi ileile, kwa kuwa "vyote vinabadilika rangi". Nilikuwa na sampuli ya siki ya ndizi niliyoletewa na kikundi cha akina mama wa Tukuyu waliotaka kujua asidi yake imefikia asilimia ngapi, nami niliwajibu kwamba siki yao ilikuwa na asilimia 1.5 tu. Wakairudisha kwenye madumu ichachuke zaidi, ilhali kumbe ilikuwa tayari imefika asilimia 5. Ndani ya chupa ile mlikuwa na methili oranji, kiashiria kizuri kwa kazi nyingine, ila kwa siki hakifai kabisa.

Mwongozo huu hauhusu ukubwa wa chupa wala uzuri wa kifuniko. Ninachotaka mnunuzi akiangalie ni kitu ambacho wauzaji wengi hawakiandiki, yaani kiwango cha pH ambamo rangi huanza kubadilika na kile ambamo humaliza kubadilika. Chupa isiyo na namba hizo mbili ni ya kurudishwa kaunta, hata kama bei yake ni ya kutupa.

Sababu inaonekana vizuri katika siki yenyewe. Nilichukua mililita 10 za siki, nikaziongezea maji yaliyokenekwa hadi mililita 100, kisha nikapima kwa pipeti mililita 25 za mchanganyiko huo na kuzimiminia kutoka kwenye bureti hidroksidi ya sodiamu yenye mola 0.1 kwa lita. Kama siki ina gramu 5 za asidi ya ethanoiki katika mililita 100, asidi yote humalizwa baada ya mililita 20.8 za alkali. Hiyo ndiyo nukta ya ulinganifu, na pH yake haiwi 7 kama wengi wanavyodhani, bali karibu 8.7. Hapo asidi imekwisha na kilichobaki ni chumvi yake, ethanoati ya sodiamu, ambayo huvuta hidrojeni kidogo kutoka kwenye maji na kuuacha mmumunyo ukiegemea upande wa alkali.

Sasa tuitazame methili oranji, ambayo ni nyekundu chini ya pH 3.1 na huwa njano ikifika 4.4. Siki ikiwa imepunguzwa nguvu hivyo huanzia karibu na pH 3, kwa hiyo rangi huanza kusogea tangu matone ya mwanzo. Ikifika pH 4.4, ni takriban asilimia 30 tu ya asidi iliyokwisha kutumika, na bureti inasoma mililita 6.3 hivi badala ya 20.8. Mililita 6.3 ukizipeleka kwenye hesabu zinakupa asilimia 1.5, jibu lilelile nililowapelekea Tukuyu. Dalili ilikuwepo mbele ya macho yangu: rangi ilitoka nyekundu, ikawa ya chungwa, ikaendelea kujivuta kwa mililita tano au sita bila kukata. Katika titresheni iliyochaguliwa vizuri rangi hugeuka kwa tone moja au mawili, na ikijivuta kwa mililita kadhaa, simamisha kazi ukaangalie kiashiria kabla ya kumlaumu mwenye siki.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa fenolftalini, na sioni aibu kuipendelea. Haina rangi chini ya pH 8.2 na huwa ya waridi iliyokolea karibu na 10. Katika titresheni yetu pH hupanda polepole sana mwanzoni, kisha ikikaribia mililita 20.8 inaruka kama ngazi. Fenolftalini huanza kuonekana wakati asidi iliyobaki haifiki hata sehemu moja katika elfu, na kutoka hapo hadi kukolea kabisa unahitaji takriban tone moja tu la ziada. Kosa la tone moja katika mililita 20 linavumilika. Waridi hafifu ikidumu sekunde 30 umefika. Ikififia baadaye usiongeze alkali, kwa sababu ni kabonidioksidi ya hewani inayoshusha pH.

Nafasi ya pili ni bromothaimoli bluu, inayotoka njano kwenda bluu kati ya pH 6.0 na 7.6. Kwa siki huanza kugeuka mapema, karibu na mililita 19.7, hivyo mwenye haraka atasoma pungufu kwa mililita nzima. Anayesubiri mpaka bluu itulie atakaribia sana jibu la kweli. Mimi ningeinunua kwa ajili ya asidi kali na alkali kali, ambako ngazi ya pH ni ndefu na karibu kiashiria chochote huangukia ndani yake.

Methili redi, ya pH 4.4 hadi 6.2, inunue kama unapima amonia kwa asidi ya hidrokloriki, kwa sababu hapo mambo hugeuka: nukta ya ulinganifu huwa karibu na pH 5.3. Katika kazi hiyo fenolftalini yangu niipendayo hushindwa kabisa, kwani rangi yake hufifia kidogokidogo na kutoweka kabla amonia haijaisha. Litmasi na kiashiria cha jumla ni rahisi kwa bei, lakini viache kwa ajili ya kutambua asidi na alkali. Kwa titresheni havitoi mwisho unaosomeka.

Jambo linaloniudhi zaidi ni bei ya chupa zilizokwisha kuchanganywa. Gramu 1 ya unga wa fenolftalini katika mililita 100 za ethanoli inatosha, na kila titresheni hutumia matone mawili, yaani mililita 0.1 hivi. Kopo la gramu 25 linatoa lita mbili na nusu, sawa na titresheni 25,000, ambazo maabara ya shule haitazimaliza kwa miaka mingi. Muuzaji anakuficha unga na kukuuzia chupa moja moja, na wengine huirefusha kwa maji. Huyo utamjua kirahisi: fenolftalini haiyeyuki vizuri katika maji, hivyo chupa iliyoongezwa maji mengi hugeuka kama maji ya mchele au huwa na unga mweupe chini. Itikise mbele ya mwanga kabla hujatoa hela.

Kama lebo imefutika, nenda dukani na chupa ndogo mbili, moja ya siki na nyingine ya maji ya chokaa yaliyochujwa. Fenolftalini haitaonyesha rangi yoyote kwenye siki na itawaka waridi kwenye chokaa, ilhali methili oranji itakuwa nyekundu kwenye siki na njano kwenye chokaa. Muuzaji mmoja alinikatalia jaribio hilo akisema nitamchafulia kaunta, nami nikaondoka na pesa yangu.

Chupa yangu ya Juni sikuimwaga. Ipo kabatini, nimeibandika karatasi mpya iliyoandikwa kwa wino mweusi: "Methili oranji, pH 3.1–4.4, si kwa siki."