Kutoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo: uzoefu wangu Lamu

Mwezi wa Machi gia ya injini ya mashua yangu, ambayo hubeba abiria kati ya Lamu mjini na Shela, ilivunjika wakati wageni walikuwa wengi. Vipuri vilikuwa shilingi 22,000 na fundi alitaka 8,000, basi tarehe 4 nikaenda kwenye mashine ya benki nikatoa 30,000 kwa kadi ya mkopo. Nilidhani hesabu yake ni ile ile ya kununua bidhaa kwa kadi, ambapo mwenye kulipa deni lote kabla ya siku ya mwisho hatozwi riba.

Sivyo. Siku ile ile ilikatwa ada ya asilimia 6, yaani shilingi 1,800, ikaongezwa kwenye deni, na riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi ikaanza kuhesabiwa papo hapo juu ya 31,800, ada yenyewe ikiwemo. Ni kama shilingi 37 kila kunapokucha. Taarifa ya tarehe 25 ilipotoka, riba ya siku 21 ilikuwa imefika 768, nami nikalipa jumla yote iliyoandikwa, 32,568, tarehe 14 Aprili, siku moja kabla ya muda kwisha, nikaona nimemaliza.

Taarifa iliyofuata ilinidai tena shilingi 750. Nilipiga simu benki kwa hasira, kwa kuwa nilikuwa na risiti mkononi, lakini mhudumu alinieleza vizuri: taarifa husimamisha hesabu siku inapoandikwa, ilhali deni liliendelea kuzaa riba kwa siku 20 zaidi hadi siku niliyolipa. Anayetaka kulimaliza kweli humuuliza mhudumu kiasi cha kufunga deni siku hiyo hiyo, wala hategemei tarakimu ya kwenye taarifa. Hilo lingeandikwa kwenye fomu kwa herufi za kusomeka, nisingelalamika.

Siku hizo 41 zilinigharimu shilingi 3,318. Hata ningelirudisha baada ya wiki moja, ningeokoa riba tu, kwa maana ile 1,800 hairudi, na ndiyo sehemu kubwa ya gharama.

Linaloniuma zaidi ni kwamba duka la vipuri lilikuwa na mashine ya kadi juu ya kaunta. Kadi yangu haikuwa na deni jingine, kwa hiyo zile 22,000 ningezilipia pale pale bila ada wala riba, nikatoa taslimu 8,000 za fundi peke yake, na gharama yote kwa siku zile zile isingefika shilingi 900. Fundi naye, nilipomsimulia, alisema angenisubiri hadi Ijumaa.