UPS Ndogo, Kinga ya Volti au Soketi ya Kinga: Kipi Kinunuliwe Kwanza kwa Ajili ya Ruta

Umeme wa majumbani nchini Uganda ni wa volti 240, na ruta nyingi haziharibiki umeme unapokatika bali unaporudi, kwa kuwa majokofu, pasi na pampu za mtaa mzima huanza kuuvuta kwa wakati mmoja na volti zikayumba kabla ya kutulia. Hatari iliyo kubwa zaidi ni waya wa nyutro kulegea au kukatika nguzoni, kwani hapo nyumba moja inaweza kupokea volti zinazokaribia 415 kwa dakika nyingi mfululizo. Adapta ya ruta kwa kawaida hustahimili umeme hafifu, maana nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240, lakini umeme uliozidi huiunguza, na wakati mwingine huiunguza pamoja na ruta yenyewe. Kwa sababu hiyo nimevipanga vifaa hivi kwa kuangalia kwanza kila kimoja kitafanya nini volti zikizidi na kuendelea kuzidi.

Nafasi ya kwanza naipa UPS ndogo ya volti 12 inayotumiwa pamoja na kinga ya volti. Kinga ya volti ni kile kijisanduku cha kuchomeka ukutani ambacho mafundi huwauzia wenye majokofu: hukata umeme ukishuka au kupanda kupita kiasi, kisha husubiri kwa muda, mara nyingi dakika kadhaa, kabla ya kuurudisha. Katika muda huo wa kusubiri UPS ndogo huendelea kuilisha ruta kwa betri yake, na mtandao haukatiki hata kidogo. Mpangilio ni huu: ukutani inakaa kinga ya volti, kwenye kinga inachomekwa adapta, adapta inalisha UPS, na UPS inalisha ruta. Ukiiacha kinga, adapta hubaki wazi mbele ya hatari ile ile.

Tuchukue nyumba ya Ntinda yenye faiba, ambamo ruta inatumia wati 7 na kile kisanduku cha faiba wati 5, yaani wati 12 kwa jumla. UPS iliyoandikwa 8800 mAh huonekana kubwa, lakini hesabu hiyo ni ya seli za volti 3.7, kwa hiyo nishati yake ni takriban wati-saa 32. Ukiondoa kinachopotea katika kuipandisha hadi volti 12, zinabaki kama 27, ambazo zinatosha kwa saa mbili na kidogo. Muuzaji akikuahidi saa nane kwa vifaa hivyo viwili, mwombe akuonyeshe wati-saa zilizoandikwa kwenye lebo.

Nafasi ya pili ni kinga ya volti peke yake. Mtandao utakatika kila umeme unapokatika, lakini ruta itakuwa salama zaidi, na mwenye fedha kidogo aanze hapa kisha aongeze UPS baadaye.

UPS ya mezani ya kompyuta, ile ya VA 650, naiweka ya tatu. Betri yake ya risasi, ambayo mara nyingi ni ya volti 12 na ampea-saa 7, ina nishati kubwa kwenye karatasi, ila sehemu yake nzuri hupotea katika kugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 240 ili adapta iurudishe tena kuwa 12. Isitoshe, betri ya aina hiyo huchakaa upesi ikiishiwa mara kwa mara, jambo ambalo haliepukiki penye mgao wa umeme. Inunue ikiwa una kompyuta ya mezani pia.

Soketi ndefu yenye kinga ya mruko inakuja mwisho, ingawa ndiyo inayouzwa zaidi. Ndani yake mna varista, kipande kinachomeza mruko wa sehemu ndogo sana ya sekunde. Volti zikizidi kwa dakika nzima, hupata moto na kuungua. Tena hutegemea waya wa ardhi, na nyumba nyingi za kupanga zina soketi za matundu matatu ambazo waya huo haukuunganishwa, kwa hiyo mwite fundi aupime kwanza. Nyingine hazina varista kabisa, zina fyuzi na taa tu.

Radi, ambayo ni nyingi sana kandokando ya Ziwa Victoria, haizuiwi kikamilifu na kifaa chochote kati ya hivi. Faiba yenyewe haipitishi umeme, lakini anayepata mtandao kwa antena ya paani ana waya wa shaba unaoshuka hadi kwenye ruta, na mvua ikianza kunguruma ni lazima auchomoe huo pamoja na plagi.

Ukienda dukani beba adapta yako. Soma volti na ampea za upande wa kutoka, kwa sababu ruta ya volti 9 ikipewa 12 inaweza kuungua. Hakikisha mchoro wa chanya na hasi unafanana na wa UPS. Kisha omba iwashwe na ruta, plagi ichomolewe, na utazame taa. Zikizima na kuwaka upya, usiichukue.