Pembe za Mombasa kwa rangi tatu za wino: uzoefu wangu na programu ya kuchora mabango ya kizamani

Kazi yangu ni uchapaji wa skrini. Nina karakana ndogo hapa Mombasa, na kwa miezi mitatu sasa nalipia programu ya akili unde inayochora picha kutokana na maelekezo unayoandika. Nitaieleza kwa kazi moja tu niliyoifanya nayo kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ndiyo iliyonionyesha inapoweza na inaposhindwa.

Mteja alikuwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Mji wa Kale. Alitaka mabango 60 ya ukubwa wa A3 ya kuwauzia wageni wake, yawe na sura ya mabango ya reli na meli ya miaka ya 1930, na katikati zisimame zile Pembe za Moi Avenue, matao yenye umbo la pembe za ndovu yanayovuka barabara. Pesa aliyokuwa nayo ilitosha rangi tatu za wino. Katika kazi yetu kila rangi ina fremu yake ya kitambaa cha wavu: unaitayarisha, unavuta wino juu yake karatasi moja moja, unasubiri ikauke, ndipo unaanza nyingine. Ukiongeza rangi ya nne umeongeza fremu na siku ya kazi. Mabango ya zamani yalipata sura yao kwa njia hiyohiyo. Yale ya mbuga za taifa za Marekani, yaliyotolewa kati ya 1938 na 1941, yalichapwa kwa skrini, na kila kivuli kipya kilidai fremu yake. Ndiyo maana mlima mzima unaweza kuwa vipande vitatu tu vya rangi bapa, na jicho likauona mlima.

Nilianza kama anavyoanza kila mtu:

```
vintage retro travel poster of Mombasa Tusks
```

Zikaja picha nne. Zote zilikuwa na ndovu. Mbili zilikuwa na jua linalozama nyuma ya mbuyu, na zote zilikuwa na karatasi yenye madoa ya chai, mikunjo na kona zilizochanika, kana kwamba bango limetolewa uvunguni. Juu paliandikwa jina la mji kwa herufi zilizokosewa. Nilimtumia mteja moja ili tu aone tumeanza, akanipigia simu palepale: "Mwanangu, huyu ndovu katoka wapi? Mimi nataka zile Pembe tunazopita chini yake."

Alikuwa na haki. Niligundua makosa yalikuwa mawili, na kila moja lilitaka dawa yake.

La kwanza lilikuwa neno lenyewe, `vintage`. Kwa programu hii neno hilo linamaanisha kitu kilichozeeka, si kitu kilichochapwa kwa namna fulani. Unapata uchakavu, na chini ya uchakavu huo rangi zinafifia polepole kama picha yoyote ya kompyuta. Nililikuza jua la picha ya kwanza mara nne kwenye kioo. Kwa mbali lilikuwa duara moja la rangi ya chungwa. Kwa karibu, kutoka katikati hadi ukingoni, nilihesabu ngazi kumi na moja za chungwa kabla sijachoka kuhesabu. Hizo ni fremu kumi na moja kwa jua peke yake. Niliyaondoa `vintage` na `retro`, nikataja namna ya kuchapa: uchapaji wa skrini, rangi tatu, maumbo bapa, kingo kali. Madoa ya chai yakaondoka siku hiyohiyo na hayajarudi.

La pili lilikuwa jengo. Nilijaribu maelekezo yaleyale kwa Mnara wa Eiffel, nao ukatoka sawasawa mara ya kwanza. Programu imeuona mnara huo katika picha nyingi kupita kiasi. Pembe zetu imeziona kidogo, kwa hiyo inashika neno la pembe na kukimbilia ndovu. Nikaandika kwamba sitaki ndovu, ndovu wakaongezeka. Katika programu ya aina hii, kulitaja jambo ni kuliita, hata ukilitanguliza na neno la kukataa. Ilinibidi niache jina la mahali kabisa na kueleza umbo, kama ninavyomwelekeza fundi ambaye hajawahi kufika pwani. Hapo ndipo nilipokwenda kusimama Moi Avenue na kukiangalia vizuri kitu ninachokipita kila siku. Ni matao mawili yaliyosimama sambamba, moja juu ya kila upande wa barabara. Kila tao ni pembe mbili za bati la alumini zinazopanda kwa kupinda na kupishana ncha juu. Ukiyatazama yote mawili kwa pamoja unaona herufi M.

Baada ya siku tatu za kurekebisha, maelekezo yalifika hapa:

```
three-color screen print, flat solid shapes, hard edges
two tall pointed arches side by side over a road,
each made of two smooth white tusks crossing at the tip
low viewpoint, arches fill two thirds of the height
mustard sky, brick-red road, dark navy shadows, cream paper
light from the left, tiny handcart under the left arch
empty cream band at the bottom
```

Mstari wa rangi ndio uliobadilisha kazi kuliko mingine yote. Awali niliandika idadi ya rangi tu, nikapata picha zenye rangi sita au saba. Programu haihesabu. Nilipoipa kila rangi kazi yake, haradali kwa mbingu, nyekundu ya matofali kwa barabara, buluu iliyokolea kwa vivuli vyote, mambo yalitulia. Maneno "vivuli vyote" yana uzito hapo. Kivuli cha pembe, cha miti na cha mkokoteni vyote vinatumia buluu moja, kwa hiyo fremu moja inafanya kazi ya vitu vitatu. Nyeupe ya pembe haichapwi kabisa, ni karatasi ya krimu iliyoachwa wazi.

Mwanga kutoka kushoto nao usiuache. Usipousema, programu inamulika kila upande na pembe zinakuwa vipande vyeupe visivyo na unene. Ukiusema, upande wa kulia wa kila pembe unapata ukanda mmoja wa buluu wenye ukingo mkali, na ukanda huo peke yake unatosha kuonyesha kwamba kitu ni cha mviringo.

Mkokoteni niliuchukua kutoka kwa wazee wa kazi hii. Bango la mchoraji Cassandre la meli Normandie, la 1935, linaionyesha meli kutoka chini, imejaa karatasi nzima, na karibu na maji kuna ndege wadogo weupe. Ni wale ndege wanaokuambia meli ni kubwa kiasi gani. Bila mkokoteni, Pembe zangu zingeweza kuwa pambo la mezani.

Hata hivyo umbo liliendelea kuteleza. Mara tao moja, mara matatu, mara ncha hazipishani. Programu inaruhusu kuipa picha ya kufuata, nikaipa picha niliyopiga kwa simu. Ikaleta nyaya za umeme, tuktuk na rangi zote za mchana, na kingo zikalainika tena. Kilichofanya kazi ni cha kizamani zaidi: niliweka karatasi juu ya picha hiyo, nikachora umbo la Pembe tupu na kulijaza wino mweusi, nikalipiga picha na kuipa programu karatasi hiyo. Umbo jeusi halina rangi wala vivuli vya kuigwa, lina ukingo tu. Kuanzia hapo, kati ya picha nne, tatu zilikuwa na matao mawili yaliyo sahihi. Niliigandisha pia namba ya `Seed`, ili nikibadilisha neno moja nione neno hilo limefanya nini, badala ya kupata picha mpya kila mara.

Picha niliyoichagua ilikuwa ya 38. Bado haikuwa tayari kwa fremu. Kwa macho ilikuwa na rangi tatu na karatasi, lakini kingoni mwa kila umbo palikuwa na pikseli za rangi za katikati, na mbingu ilikuwa na haradali mbili zinazokaribiana. Nikaifungua kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, nikaenda `Image > Mode > Indexed`, nikaweka `Maximum number of colors` kuwa 4 na `Color dithering` kuwa `None`. Hiyo ya mwisho usiisahau, la sivyo unaletewa vinukta vidogo ambavyo fremu haivishiki vizuri. Namna ya kujua kama picha ilikuwa bapa kweli ni kuangalia hapa: ikiwa bapa, inapokatwa hadi rangi nne karibu haibadiliki. Ikiwa ilikuwa inafifia, mbingu inakatika mistari mistari kama ramani ya vilima. Picha zangu mbili za awali nilizozipenda sana zilianguka kwenye mtihani huu.

Kisha kuna ukubwa. Picha ilikuwa pikseli 1024 kwa 1536, ambayo kwenye A3 ni kama pikseli 90 kwa inchi, na kingo zinaonekana ngazi ngazi. Nikaipitisha kwenye Inkscape, programu ya kuchora kwa mistari, kwa `Path > Trace Bitmap`, ikawa mistari inayokuzwa bila kuharibika. Maumbo bapa yanakubali jambo hili vizuri mno. Jina la mji nililiandika hukohuko, kwenye ule ukanda mtupu wa chini, kwa herufi nene nilizozichagua mwenyewe. Sijawahi kuiachia programu hii herufi tena.

Tulichapa haradali kwanza, kisha nyekundu, buluu mwisho, kutoka nyepesi kwenda nzito. Programu ilikuwa imeweka rangi zigusane ukingo kwa ukingo, na karatasi ikisogea kidogo tu panabaki uzi wa krimu kati ya kivuli cha pembe na mbingu. Nililazimika kuipanua buluu nusu milimita ili ipande juu ya haradali. Jambo hilo programu hailijui, wala sijapata maneno ya kuliagiza.

Kwa mpangilio, mwanga na kujaribu rangi kabla ya kugharamia fremu, imenipa kwa siku tatu kazi ambayo kwa penseli ingenichukua wiki. Kwa idadi ya rangi, herufi na jengo lisilojulikana sana duniani, usiiamini hata kidogo. Nimelipia mwezi mwingine. Mama ameuza mabango 22 katika wiki mbili, na sasa anataka Fort Jesus kutoka upande wa bahari. Leo jioni naenda kuzichora zile kuta zake kwa wino mweusi.