Nililipa oda moja mara mbili kwa M-Pesa: jinsi nilivyoomba pesa zirudi na muuzaji alivyonihudumia

Bidhaa ilikuwa jiko la gesi la vichomeo viwili, Sh 4,850, kutoka duka la mtandaoni la Nairobi ambalo sitalitaja. Jiko lenyewe sina neno nalo. Ninachotaka kueleza ni malipo, maana tatizo hili huwapata wengi na wengi huishia kuandika ujumbe ambao muuzaji hawezi kuufanyia kazi.

Nilipobonyeza "lipa" kwenye tovuti, ombi la M-Pesa lilitokea kwenye simu, nikaweka PIN. Pesa zikakatwa. Tovuti, hata hivyo, iliendelea kuzunguka kisha ikaandika kwamba malipo hayajafaulu, ikatoa nambari ya tili ili nilipe mwenyewe. Meseji ya M-Pesa ilikuwa haijaingia, kwa hiyo nililipa kwa tili. Baadaye meseji zote mbili zikafika.

Chanzo chake ni hiki. Ukishaweka PIN, M-Pesa hukata pesa kwanza, kisha hutuma majibu kwa mfumo wa muuzaji. Majibu yakichelewa, au seva ya duka isipoyapokea, tovuti huhesabu muda umekwisha na kusema umeshindwa kulipa, ilhali pesa ziko kwenye tili tayari. Malipo ya pili ya mkono hayabebi nambari ya oda, kwa sababu tili haina sehemu ya akaunti kama Paybill. Yakifika, yanakaa tu kwenye taarifa ya tili bila kuhusishwa na oda yoyote.

Kabla ya kumwandikia muuzaji, hakikisha kweli umelipa mara mbili. Usihesabu meseji, hesabu misimbo. Meseji moja inaweza kufika mara mbili ikiwa na msimbo ule ule, na hayo ni malipo mamoja. Zangu zilikuwa hivi:

```
TGH4K2XW9Q  8:41 PM  Ksh4,850.00  salio 8,350.00
TGH1K7RB3D  8:49 PM  Ksh4,850.00  salio 3,500.00
```

Misimbo ni tofauti, na salio la pili ni la kwanza ukitoa 4,850 kamili. Hapo hakuna ubishi. Ukizoea kuisoma, misimbo hii inakuambia hata siku: herufi ya kwanza ni mwaka (T ni 2025), ya pili ni mwezi (G ni Julai), na ya tatu ni tarehe. Tarehe 1 hadi 9 huandikwa kwa tarakimu, kisha A ni tarehe 10, B ni 11, hadi H ambayo ni 17. Mhudumu akikujibu kwamba msimbo wako ni wa siku nyingine, unaweza kuukagua hapo hapo.

Huu ndio ujumbe niliotuma, kwa baruapepe na pia kwa WhatsApp ya duka:

"Habari za jioni. Naomba kurejeshewa malipo yaliyojirudia ya oda nambari 3187, jiko la gesi, Sh 4,850. Malipo ya kwanza, yaliyotoka kwenye ombi la tovuti yenu: TGH4K2XW9Q, 17/7/25, 8:41 PM. Malipo ya pili, niliyoyafanya kwa tili: TGH1K7RB3D, 17/7/25, 8:49 PM. Naomba mbakize ya kwanza kwa ajili ya oda na mrudishe ya pili yote, Sh 4,850, kwa kubatilisha muamala huo ili pesa zirudi kwenye laini ile ile iliyolipa. Laini ni hii hapa chini na imesajiliwa kwa jina lililo kwenye oda. Sihitaji salio la dukani wala bidhaa nyingine. Oda iendelee kama kawaida. Nimeambatanisha meseji zote mbili."

Nitaeleza sehemu tatu za ujumbe huo, kwa sababu ndizo watu huziacha.

Kwanza, nilitaja ni malipo gani yarudi. Oda ilikuwa imeshaunganishwa na TGH4K2XW9Q majibu yalipofika. Muuzaji akibatilisha hayo badala ya ya pili, mfumo wake unaweza kuihesabu oda kuwa haijalipwa na kusimamisha usafirishaji, halafu muanze kutafutana upya.

Pili, nambari ya simu niliiandika yote. Wateja hudhani muuzaji anaiona. Siku hizi taarifa za tili huficha tarakimu za katikati, kwa hiyo mhasibu anakutafuta kwa msimbo, kisha analinganisha jina na tarakimu zinazoonekana. Msimbo nao unakili na kubandika kutoka kwenye meseji, usiuandike kwa mkono. O na sifuri, au S na 5, zikibadilishana, ataambiwa muamala haupo. Saa pia niliiacha kama ilivyo kwenye meseji, 8:41 PM. Ukiandika saa 2:41 usiku, anayetafuta kwenye taarifa anaweza kuangalia saa nane za usiku.

Tatu, njia ya kurudisha. Kubatilisha muamala ni bora kuliko kutumiwa pesa upya, kwa sababu pesa hurudi zilikotoka na rekodi inataja msimbo wa awali. Akikutumia kutoka kwa simu ya mfanyakazi, hakuna kinachounganisha pesa hizo na malipo yako, na mkija kubishana huna ushahidi ulionyooka.

Mhudumu alijibu jioni ile ile akinishauri pesa zibaki kama salio la kununulia siku nyingine. Nilimrudishia sentensi yangu moja tu kuhusu salio la dukani, naye hakusukuma zaidi. Kisha akasema ombi la kubatilisha limekataliwa. Sababu ilikuwa ya kweli: tili ilikuwa imeshahamishiwa pesa zake benki, na kubatilisha kunahitaji salio la kutosha kwenye tili yenyewe. Ukiambiwa hivyo, usikubali ombi lifungwe. Uliza mauzo ya kesho yataingia saa ngapi na nani atajaribu tena. Mimi nilipewa ahadi ya asubuhi, na asubuhi meseji ya M-Pesa ikaingia: msimbo mpya unaoanza na TGI, ndani yake ukitajwa TGH1K7RB3D kuwa umebatilishwa, na Sh 4,850 kamili zimeongezwa kwenye salio.

Sikuombwa PIN wala kukubali chochote kwenye simu. Hilo ni la kushika sana, kwa sababu matapeli hupiga simu wakijifanya wa duka na kutuma ombi la malipo wakidai ni la kukurudishia. Ombi lolote linalotaka PIN linatoa pesa kwako, haliingizi.

Huduma naipa nyota nne kati ya tano. Mhudumu alisoma misimbo yote miwili, akarudisha muamala uliotakiwa, na jiko likaja bila kucheleweshwa. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya tovuti. M-Pesa humruhusu muuzaji kuulizia hali ya ombi alilotuma, na duka hili lingeulizia kabla ya kuonyesha nambari ya tili, malipo ya pili yasingefanyika. Nimewaandikia hilo pia. Wamejibu kwamba wamelipeleka kwa mtengenezaji wa mfumo wao, ila mpaka naandika haya ukurasa wa malipo bado unatoa tili mara tu muda unapokwisha. Ukinunua kwao, na tovuti ikasema malipo hayajafaulu, angalia salio la M-Pesa kwanza kabla ya kulipa tena.