Namba za wasomaji wangu zimefunikwa nyota

Kampuni ninayoitumia kutuma bei za mazao na mifugo kwa ujumbe mfupi inastahili sifa, nami nazitoa mwanzoni kwa sababu hasira ikinipanda sitazikumbuka. Mtandao wa X ulipofungwa Tanzania mwezi Mei 2025, wafuasi wangu wengi wa huko walinipotea, lakini wale waliokwisha kutuma neno SOKO kwenye namba fupi ya kampuni hiyo waliendelea kupata bei kama kawaida, hata wenye simu za kitochi. Mhudumu wao mmoja, dada mwenye subira, ndiye aliyegundua kwa nini ujumbe wa herufi 150 ulitozwa kama ujumbe tatu. Programu ya kuandikia ilikuwa ikiipinda ritifaa ya neno ng'ombe, na ritifaa iliyopinda haimo katika herufi za kawaida za ujumbe wa simu, kwa hiyo nafasi hushuka kutoka 160 hadi 70. Aliniambia niiandike ikiwa imenyooka, na gharama ikashuka siku hiyo hiyo.

Kisha nikaomba orodha yangu.

Kabla ya kulipa nilikuwa nimeuliza kama ningeweza kuichukua wakati wowote, nikajibiwa kwamba ningeweza. Faili la CSV lilipofika, kila namba ilikuwa na tarakimu chache za mwanzo, nyota katikati, na mbili za mwisho. Faili la namna hiyo halimfikii msomaji hata mmoja. Nilipopiga simu, meneja aliniuliza, “Kaka, kwani unataka kuzipeleka wapi?” Nikamweleza kwamba watu hao walijiandikisha kupata taarifa zangu, baada ya mimi kuwaomba mmoja mmoja. Akajibu kwamba namba zilizoingia kupitia namba yao fupi ni za mfumo wao, akakata simu.

Niliwahamisha watu hawa ili mlango mmoja ukifungwa nibaki na njia ya kuwafikia, na sasa ufunguo anao meneja asiyetaka hata kunisikiliza! Anayefikiria huduma kama hii ajiandikishe kwanza kwa simu yake mwenyewe, kisha aombe faili siku hiyo hiyo, kabla hajamwalika mfuasi yeyote. Namba yake ikirudi na nyota, aondoke.

Nilikusudia kusema kwamba huduma hii inafaa kwa kutuma tu. Hapana, haifai hata kwa hilo, ingawa bado naitumia, kwa kuwa kila ujumbe ninaotuma sasa unamalizika kwa kuwaomba wasomaji waniandikie jina na wilaya kwenye namba yangu mwenyewe, ambazo nazinakili kwenye jedwali langu pamoja na tarehe ya ridhaa. Wanajibu polepole, na wengine wananiuliza kwa nini nawaandikisha mara ya pili. Swali hilo nimelituma kwa meneja kwa maandishi, na hadi leo hajalijibu.