Uzoefu wangu na apu ya kinematiki ya nyuklia: nyota tatu kati ya tano, na sababu iko kwenye nyutroni zinazorudi nyuma

Nimeitumia hii apu miezi minne sasa, nililipia ile vashen kamili, jina siliandiki maana lengo langu si kumharibia mtu biashara, nataka tu wenye kutumia apu za aina hii wajue wapi pa kuangalia. Kazi yake ni moja: unaipa chembe inayopiga, shabaha, kinachotoka, nishati ya boriti na pembe, yenyewe inakugeuzia nishati na pembe kutoka fremu ya maabara kwenda fremu ya kitovu cha masi na kurudi. Kwa anayeshinda na hesabu hizi ni kitu kinaokoa muda kweli, na nianze kwa kusema skrini yake ni safi na haigandi hata kwenye simu yangu ya zamani.

Kazi yangu mimi ni 7Li(p,n)7Be, yaani unapiga lithiamu kwa protoni unapata nyutroni na beriliamu 7. Tunaitumia pale protoni ikiwa na 1912 keV, namba ambayo imezoeleka tangu Ratynski na Käppeler walipoonyesha kule Karlsruhe mwaka 1988 kwamba hapo nyutroni zinatoka na spektra inayofanana na ya joto la kT = 25 keV, karibu kabisa na hali ya ndani ya nyota zinapotengenezwa elementi nzito. Riaksheni hii inakula nishati, Q yake ni -1644.2 keV, na ili ianze kabisa protoni lazima iwe na 1880.6 keV. Wengi wanauliza kwa nini isianze kwenye 1644, jibu ni kwamba sehemu ya nishati ya protoni inaenda kwenye mwendo wa mfumo mzima, kile kitovu cha masi lazima kiendelee kusonga mbele, hiyo huwezi kuitumia kulipa deni la Q. Kwa lithiamu unabaki na kama asilimia 87 tu ya ulichotia.

Sasa jambo la kwanza. Apu ina kisanduku cha Q ambacho unajaza mwenyewe na inapokea desimali mbili tu kwa MeV. Ukiandika -1.644 inakata inabaki -1.64, na haisemi kitu. Mtu ataona ni tofauti ya 4 keV tu kwenye 1644, ya nini kulalamika. Lakini sisi tupo jirani na kizingiti, kinachohesabika ni ziada juu ya kizingiti, na ziada halisi ni 1912 kutoa 1880.6, yaani 31.4 keV. Ukikata Q hivyo kizingiti kinashuka hadi kama 1875.8, ziada inakuwa 36.2, na nyutroni zako kwenye karatasi zinatawanyika hadi nyuzi 73 wakati ukweli ni 63. Nyuzi kumi! Unaweka ditekta mahali ambapo hakuna nyutroni hata moja kutoka kwenye riaksheni. Niliwaandikia, wakajibu kwa adabu, na toleo la mwezi uliofuata likaja na desimali nne, kwa hilo nawashukuru kwa dhati. Ila Q na kizingiti mimi nachukua kwenye kikokotoo cha QCalc cha NNDC, kituo cha data za nyuklia pale Brookhaven, ni bure, sibahatishi.

Jambo la pili ndilo lililonifanya niandike yote haya na bado halijarekebishwa.

Tuchukue mfano wenyewe, protoni 1912 keV, ditekta iko nyuzi 30 kwenye maabara. Kwenye fremu ya kitovu nyutroni inapata 24.0 keV, hiyo haijalishi imeelekea wapi. Halafu kitovu chenyewe kinakimbia mbele, na nyutroni ambayo ingekuwa imetulia ndani yake ingeonekana maabara ikiwa na 30.2 keV. Linganisha hizo mbili kwanza kabla hujaendelea na chochote: kitovu kina spidi kubwa kuliko nyutroni ndani yake, uwiano ni 1.12. Ni kama mtu anatembea kurudi nyuma ndani ya treni, hata ajitahidi vipi waliosimama stesheni wanamuona anaenda mbele tu. Kwa hiyo nyutroni zote zinatoka mbele, ndani ya koni ya nyuzi 63, na kwa kila pembe ndani ya koni kuna nyutroni za aina mbili: iliyotupwa mbele kwenye fremu ya kitovu, na iliyotupwa nyuma ikabebwa mbele na treni.

Kwa nyuzi 30 apu inanipa 77.7 keV na pembe ya kitovu nyuzi 64.1. Sahihi kabisa, nimehakiki kwa mkono. Lakini inaishia hapo. Ile ya pili, yenye 0.49 keV na pembe ya kitovu 175.9, haipo popote, si kwenye jedwali wala kwenye grafu. Hakuna hata alama ya kukuambia kuna jibu lingine.

Nilivyogundua ni hivi. Nilikuwa nimeandika kaprogramu kadogo kanarusha nyutroni sawasawa pande zote kwenye fremu ya kitovu, maana karibu na kizingiti zinatoka karibu sawa pande zote, halafu nikachukua jedwali la apu, pembe za maabara kuanzia 0 hadi 63, nikageuza na kujumlisha nione kama napata zote. Nikapata 0.946. Nikapunguza hatua za pembe kutoka digrii moja hadi nusu, hadi robo, bado 0.946. Kosa la kujumlisha vibaya lingepungua ukipunguza hatua, hili halikusogea, kwa hiyo kuna kitu hakipo. Siku mbili nimekaa na hiyo namba. Mwisho nikafanya jaribio la kwenda na kurudi, nalo nawashauri mlifanye kwa chombo chochote cha aina hii: ipe pembe ya kitovu 175.9, inakupa maabara 30. Sasa chukua hiyo 30 uirudishe kwenye kitovu, inakupa 64.1. Umeondoka na kitu kimoja umerudi na kingine. Hapo ndipo nikajua.

Asilimia 5.4 iliyopotea ni ile kofia ya nyuma, pembe za kitovu kuanzia nyuzi 153 hadi 180. Nishati yake ni kuanzia 0.35 hadi 6.2 keV. Mtu anaweza kusema asilimia tano si kitu, lakini nyutroni zikiwa taratibu ndipo viini vinapozikamata kwa wingi, kwa hiyo kwenye kazi ya kupima ukamataji hizo chache zina uzito kuliko idadi yake. Ni nyutroni zilezile ambazo spektra ya nyota inazihitaji upande wa chini, huwezi kuzifuta eti kwa sababu kipeuo cha pili kina alama ya kutoa.

Na kosa lenyewe ni dogo mno, mstari mmoja tu. Hii ndiyo naitumia sasa kwenye laptopu kuhakiki:

```python
from math import *
mp, mn = 1.007825, 1.008665
mLi, mBe = 7.016003, 7.016929
Ep, Eth = 1912.0, 1880.6
th = radians(30)
V2 = Ep*mp*mn/(mp+mLi)**2
u2 = (Ep-Eth)*mLi/(mp+mLi)*mBe/(mn+mBe)
d = u2 - V2*sin(th)**2
if d >= 0:
    for s in (1, -1):
        r = sqrt(V2)*cos(th) + s*sqrt(d)
        if r > 0:
            print(r*r)
```

Hapo `V2` ni ile 30.2 na `u2` ni ile 24.0, vyote keV. Apu inafanya `s = 1` peke yake. Ukipandisha `Ep` kupita kama 1920 keV jibu la pili linajiondoa lenyewe kwa sababu `r` inakuwa hasi, kuanzia hapo nyutroni imekuwa na mbio kuliko kitovu na kwa Q hii kila pembe ina nishati moja tu. Ndiyo maana wengi hawajaiona hii shida, wanafanya kazi kwenye 2.5 MeV na kuendelea, na huko nakiri apu iko vizuri kabisa. Nilijaribu 2500 keV na pembe ya kitovu 150, ikanipa maabara nyuzi 139, ambayo ni kweli. Kuna vikokotoo vingine hapo vinatoa -41 kwa sababu ya kutumia `atan` badala ya `atan2`, hii haina kosa hilo.

Kuna kisanduku cha jakobiani pia, ile ya kugeuza kipimo cha pembe mango kutoka fremu moja kwenda nyingine, wengi wanasahau kwamba hesabu za ditekta nazo lazima zigeuzwe, si nishati na pembe tu. Kwa nyuzi 30 inatoa 3.91, sawa kwa ile ya mbele. Ya nyuma ingekuwa 0.025, inaonyesha ditekta ikikaa hapo inaona zile za taratibu mara mia na hamsini pungufu. Ukisogea kwenye ukingo wa koni, pale 63, namba inapaa bila kikomo, nilishaona inaandika laki na kitu. Hiyo si hitilafu ya apu, ndivyo hesabu ilivyo, pembe nyingi za kitovu zinarundikana kwenye pembe moja ya maabara. Ditekta halisi ina upana kwa hiyo idadi inabaki ya kawaida. Usichukue namba ya nukta moja pale ukingoni, jumlisha kwa upana wa ditekta yako, au fanya nilivyofanya, rusha kwenye kitovu halafu hesabu zinaangukia wapi.

Kitu kingine kwa wenye shabaha nene: haya yote ni kwa protoni inayopiga juujuu ya lithiamu ikiwa bado na 1912. Ndani inapungua kasi hadi inafika kizingiti, na kila hatua koni inabana, spektra unayopata ni mchanganyiko. Apu haina sehemu ya hiyo na haijawahi kudai inayo, silaumu.

Nyota tatu basi. Nikiwa kwenye maabara na nataka haraka kujua ditekta niiweke wapi, bado ndiyo naifungua ya kwanza. Barua ya pili niliwatumia wiki sita zilizopita nikiwa na ule mfano wa nyuzi 30 na 175.9, wamesema wanaangalia. Wakiweka safu ya pili kwenye jedwali nitarudi kubadilisha hizi nyota siku hiyohiyo.